UZI: Maneno kwenye kichwa na maelezo ya video yanayoleta dola ya njano au kizuizi cha umri, tuandike nini badala yake?

Kulwa wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba wanaoijua YouTube kwa undani wanisaidie. Chaneli yetu inahusu ziwa: historia, uvuvi, biashara ya dagaa na sangara hapa Mwanza na visiwani. Malipo ya matangazo tulishafunguliwa. Sasa video mbili zimegoma. Ya kwanza ni ya MV Bukoba, imepewa dola ya njano, yaani matangazo yamepunguzwa au kukatwa, muda mfupi baada ya kupanda. Ya pili ni ya uvuvi wa sumu, hiyo imefungiwa kwa umri: aliye chini ya miaka 18 haioni, na asiyeingia kwenye akaunti haioni.

Ndani ya video ya MV Bukoba hakuna damu hata tone. Ni ramani, picha za meli na mahojiano na wazee wa Igoma. Nahisi shida ni maneno. Naweka kama yalivyo:

> Kichwa: MAITI ZILIVYOELEA!! MV Bukoba walivyokufa wakipiga kelele ndani ya meli (INATISHA 18+)
>
> Maelezo: Tazama maiti za wanawake na watoto zikitolewa ziwani. Gaidi mkubwa wa Al-Qaeda alikufa humo humo! Kama una roho nyepesi usiangalie. #maiti #vifo #ajali #ugaidi #18plus #ngono #trending

Ile ya sumu inaitwa "JINSI YA KUVUA KWA SUMU! Wavuvi watoa siri ya dawa wanayotumia". Je, kuna orodha ya maneno ya Kiswahili yaliyokatazwa ili tuyakwepe?

---

Mzuka wa Kirumba

Mkuu hiyo rahisi. Usiandike neno lenyewe. Andika m@iti, k1fo, s*mu. Mashine haisomi. TikTok wote wanafanya hivyo, na ukiangalia hata Wazungu kwenye YouTube wanaweka nyota katikati ya neno na wanalipwa.

---

Doto_Mhariri

Mzuka, uko sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowaumiza watu.

Nyota katikati ya neno inakubalika kwa matusi. Mwongozo wa matangazo wa YouTube unasema wazi kuwa tusi lililofupishwa au kufichwa linaweza kukaa kwenye kichwa na video ikaendelea kupata matangazo yote. Tusi zito lililoandikwa zima kwenye kichwa au kava linapunguza matangazo. Sheria ya matusi ndani ya video ililegezwa Julai 2025, hata tusi zito katika sekunde 7 za mwanzo halikunyimi tena malipo. Kichwa na kava havikulegezwa. Kwa hiyo mchekeshaji anayeandika tusi na nyota yuko salama.

Kifo, maiti, sumu, ugaidi si matusi. Hizo ni mada, na mada haifichwi kwa nyota. Mfumo unatazama kichwa, kava, maelezo, tagi na video yenyewe kwa pamoja. Ukiomba marudio ya ukaguzi anakuja mtu, na mtu anasoma "m@iti" vizuri tu. Tena anaona kuwa ulikuwa unakwepa. Juu ya hapo unapoteza watafutaji. Nani Mwanza hii ataandika "MV Bukoba m@iti" kwenye kisanduku cha kutafutia?

Kulwa, kuhusu orodha: YouTube haijatoa orodha ya maneno, si ya Kiswahili wala ya lugha nyingine. Inatoa makundi ya mada: matusi, ukatili, maudhui ya ngono, mambo ya kushtua, matendo hatari, dawa za kulevya, silaha, chuki, matukio nyeti na mengine. Ndani ya karibu kila kundi kuna ngazi mbili. Ukieleza jambo kwa habari, elimu au historia, unapita. Ukilionyesha kwa kushtua au ukalifundisha, unakwama. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapoandika kichwa ni hili: maneno yangu yanamwahidi mtazamaji kuelewa au yanamwahidi kuona kitu kibaya?

Tazama kichwa chako kwa jicho hilo. Umesema ndani kuna ramani na wazee wanaongea. Kichwa kinasema ndani kuna maiti zinaelea na watu wanapiga kelele. Umeisingizia video yako ubaya ambao haina, halafu ukaandika 18+ kwa mkono wako mwenyewe. Mfumo umekuamini.

---

Mama Furu

Samahani nadandia uzi. Mimi napika, video za furu wa kukaanga, sato wa nazi, dagaa wa kuchemsha. Hakuna neno baya popote. Lakini video zangu zote tangu mwezi uliopita zina kizuizi cha umri! Nimebadilisha "kuchinja samaki" nikaweka "kuandaa samaki", bado. Hili nalo ni mambo ya maneno? Pale kwenye watoto huwa najibu vizuri kabisa kwamba si za watoto.

---

Doto_Mhariri

Mama Furu, shikamoo. Zote kwa pamoja, na ni za mapishi? Hapo siyo maneno. Fungua video moja kwenye YouTube Studio, shuka hadi sehemu ya Audience. Pale kuna maswali mawili tofauti, la pili limejificha hadi ubonyeze. La kwanza ni la watoto, jibu lako ni `No, it's not made for kids`. Sawa. Chini yake kuna `Age restriction (advanced)`. Nadhani pale umechagua `Yes, restrict my video to viewers over 18`.

---

Mama Furu

Ndiyo! Si ndiyo kusema video si ya watoto?

---

Doto_Mhariri

Hapana mama. Swali la kwanza linauliza kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto, kama katuni na nyimbo za chekechea. Ukijibu hapana, mtoto bado anaweza kuiangalia, maana ni video ya watu wote. Swali la pili ni kufuli. Ukichagua yes unaifungia kila aliye chini ya miaka 18 na kila ambaye hajaingia kwenye akaunti, na matangazo yanapungua au yanakata kabisa. Chagua `No, don't restrict my video to viewers over 18 only`, hifadhi. Kwa kuwa umeliweka wewe, huhitaji rufaa, linaondoka. Kisha fanya hivyo kwa kila video iliyofungwa, na kwenye mpya usichague tena yes.

Na "kuchinja samaki" rudisha tu. Maandalizi ya chakula hayana shida, labda kava iwe ni matumbo na damu tupu.

---

Mama Furu

Limeondoka. Wabeja sana mwanangu.

---

SautiYaUkerewe

Hili la Mama Furu linaonyesha watu wanavyoogopa maneno bure. Nimeona mtu wa kilimo anaandika "kuondoa uhai wa kunguni" kwa sababu anaogopa neno "kuua". Dawa ya kuua kunguni, kuua magugu maji, timu imeuawa tano bila, betri imekufa, hayo yote hayana shida. Neno peke yake halikufungii. Kinachofunga ni neno likikaa na kava na video vinavyolithibitisha.

---

Doto_Mhariri

Kweli. Nimalizane na MV Bukoba, maana ndiyo kesi nzuri ya kujifunzia.

Usianze na kubadilisha neno moja moja. Ukiondoa "maiti" ukaweka "miili", ukaondoa "walivyokufa" ukaweka "walivyofariki", umepata "Miili ilivyoelea, walivyofariki wakipiga kelele". Lugha imekuwa na adabu, ahadi ni ile ile. Tafuta kwanza swali la kweli ambalo video inalijibu. Umesema wazee wanaongea. Wanaongea nini?

---

Kulwa wa Mwaloni

Wanaeleza meli ilivyojaa, ilivyopinduka, na zaidi ile habari ya kutoboa. Kwamba meli ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea, walio ndani wanasikika wakigonga, watu wakatoboa chuma kwa juu ili wawatoe, hewa ikatoka, ikazama.

---

Doto_Mhariri

Basi kichwa unacho. Hilo ndilo swali ambalo kila mtu wa kanda hii amewahi kujiuliza:

> MV Bukoba 1996: Kwa nini meli ilizama baada ya kutobolewa

Ni herufi 57. YouTube inaruhusu hadi 100 lakini kwenye simu mwisho unakatwa, kwa hiyo jina na mwaka vikae mbele. Angalia kwamba "ilizama" limebaki. Sijalificha janga. Kuzama, ajali, msiba, uokoaji, manusura, abiria, chanzo: haya ni maneno ya habari na historia, yaache. Yaliyoondoka ni yale yanayouza mwonekano wa kifo, pamoja na "inatisha" na "18+".

Maelezo, mistari miwili ya mwanzo ndiyo muhimu zaidi kwa sababu ndiyo inayoonekana kabla mtu hajafungua zaidi:

> Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Wazee wa Igoma, mahali walipozikwa baadhi ya abiria hao, wanaeleza siku ile, kazi ya uokoaji, na kwa nini kutoboa meli iliyopinduka kulitoa hewa iliyokuwa ikiifanya ielee.

Idadi ya waliokufa unaweza kuitaja. Ni taarifa. Tofauti yake na "tazama maiti za watoto zikitolewa" ni kwamba hii ya pili ni mwaliko wa kutazama.

Al-Qaeda: ni kweli Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa makamanda wao, alikufa kwenye meli hiyo, na ni sehemu ya historia. Lakini ni sentensi moja ndani ya video ya dakika nyingi. Ukiipandisha kwenye maelezo na kwenye alama ya reli, unauambia mfumo kuwa video inahusu ugaidi. Iache ndani, msimulizi aitaje kwa utulivu. Ukitaka iwe kwenye maelezo, iweke chini kabisa kama sura ya video: "11:40 Abiria aliyekuwa akitafutwa kimataifa". Siku ukitengeneza video nzima juu ya mtu huyo, jina litaingia kwenye kichwa, na hapo utaweka pia muktadha wa historia.

Alama za reli: #ngono kwenye video ya meli imetafuta nini? Hiyo si suala la matangazo tu. Kuweka maneno yasiyohusiana ili kuvuta watu ni upotoshaji wa maelezo, na video inaweza kuondolewa kabisa. Weka tatu: #MVBukoba #Mwanza #ZiwaVictoria. Tatu ndizo zinazoonekana karibu na kichwa, na ukizidisha 60 YouTube inazipuuza zote. Tagi za ndani nazo zisafishe, watu wengi wanasafisha kichwa wanasahau kule.

---

Jiwe_la_Bismarck

Mimi huongeza mstari mmoja mwishoni: "Video hii haina picha za miili wala damu." Anayefanya marudio anausoma na anajua ni elimu. Kwangu unasaidia.

---

Doto_Mhariri

Mkuu hapo sikubaliani sana. Mashine inaona "miili" na "damu", sijui kama inaelewa "haina". Ningeandika "Video ya historia kwa mahojiano, ramani na picha za kumbukumbu". Inasema kilichomo bila kutaja kisichokuwemo.

---

Jiwe_la_Bismarck

Lakini anayeamua mwisho ni mtu, si mashine. Mtu anataka kujua kama kuna miili au hakuna.

---

Doto_Mhariri

Wengi hawafiki kwa mtu, maana hawaombi marudio. Tuache hapo, kila mmoja na lake.

---

Mzuka wa Kirumba

Sawa nimeelewa la nyota. Ila nauliza, mnajuaje kama tatizo ni kichwa na siyo video yenyewe? Mnabadilisha vichwa kumbe kuna kitu dakika ya 9.

---

Doto_Mhariri

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwa video mpya, ipandishe kama `Private` ikiwa na kichwa kisicho na uzito wowote, mfano "Igoma mahojiano 1", kava ya picha ya kawaida, maelezo matupu. Jibu dodoso la matangazo, yale maswali kuhusu yaliyomo kwenye video, kwa ukweli. Subiri ukaguzi wa hatua ya Checks umalize. Ikitoka kijani, video ni safi. Sasa weka kichwa na maelezo halisi, bado ikiwa Private, uiache. Kisha kava ya mwisho, uiache tena. Rangi ikibadilika baada ya hatua fulani, umemjua mhalifu. Ikiwa ya njano tangu mwanzo na kichwa kitupu, acha kuchezea maneno, rudi kwenye picha na sauti.

Mipaka ya jaribio hili: ukaguzi unaweza kuchukua dakika chache au muda mrefu zaidi, na rangi inaweza kubadilika tena baada ya video kwenda hadharani na watu kuanza kuitazama. Kijani cha faragha ni dalili, si hati.

Dodoso nalo usilidanganye. Video ina mazungumzo ya vifo, tia alama sehemu inayohusu na uchague ngazi ya chini inayosema habari au elimu. Watu wanabonyeza "hakuna lolote" kwa kila kitu wakidhani wanajisaidia. Mfumo unalinganisha majibu yako na unachokiona wenyewe. Ukiwa mkweli kwa muda unaanza kutegemea majibu yako, ukidanganya unayapuuza.

Kwa video iliyokwisha kwenda hadharani kama ya Kulwa, anza kwa kujua ni adhabu ipi. Kwenye ukurasa wa Content kuna safu mbili, Monetization na Restrictions. Ya kwanza inaonyesha rangi ya dola, ya pili inaonyesha kama kuna kizuizi cha umri. Weka kishale juu ya maandishi upate sababu. Ni maamuzi mawili tofauti yenye rufaa mbili tofauti. Video inaweza kuwa ya njano bila kizuizi cha umri, na hapo inaendelea kuonekana kwa wote. Hata matangazo yakikatwa, fungu la watazamaji wanaolipia YouTube Premium linaingia.

Rekebisha kichwa, kava, maelezo na tagi kwanza, ndipo uombe marudio. Unapewa nafasi moja, na anayekagua anaikuta video ilivyo siku hiyo. Majibu yanaweza kuchukua hadi siku 7. Watu wanabonyeza kwa hasira dakika ile ile, kichwa kikiwa kile kile, mtu anathibitisha njano, mlango unafungwa.

---

SautiYaUkerewe

Nyongeza: mara nyingine ukibadilisha kichwa na kava tu, rangi inarudi kijani yenyewe bila kuomba marudio. Mara nyingine haigeuki. Sijaona kanuni.

---

Fundi Nyakato

Si afute tu apandishe upya?

---

SautiYaUkerewe

Anapoteza watazamaji wote, maoni, na kila kiungo kilichosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Na kama tatizo lilikuwa ndani ya video, linarudi nalo.

---

Kulwa wa Mwaloni

MV Bukoba nimebadilisha yote, kava pia nimetoa ile duara nyekundu na mshale. Sasa hii ya sumu. Nimefikiria kuiita "Uvuvi wa dawa Ziwa Victoria". Sumu inaondoka, inabaki dawa.

---

Doto_Mhariri

Hapana, hapo umerudi kwenye kufichaficha. Na kwa mtu asiyejua, "uvuvi wa dawa" ni nini? "Sumu" siyo iliyokufungia. Iliyokufungia ni "JINSI YA". Neno "jinsi ya" likisimama mbele ya tendo la hatari linamaanisha somo, na "watoa siri ya dawa wanayotumia" linakazia kuwa kuna somo. "Jinsi ya kukaanga dagaa" sawa. "Jinsi ya kuvua kwa sumu", hata kama nia yako ni kukemea, umesema unafundisha.

Sasa niambie ukweli: ndani mnaonyesha nini?

---

Kulwa wa Mwaloni

Kuna kijana amefunikwa uso, anaonyesha chupa, anataja jina lake, anaeleza anachanganya kiasi gani kwa maji kiasi gani. Kama sekunde 50 hivi.

---

Doto_Mhariri

Basi kichwa kilikuwa kinasema kweli, na hakuna neno litakalokuokoa. Zile sekunde 50 ni maelekezo kamili ya tendo la hatari. Shukuru ni kizuizi cha umri tu, video ya namna hiyo inaweza kuondolewa na chaneli ikapewa onyo. Tena achana na YouTube, hao samaki tunawala sisi.

Huna haja ya kufuta video. Ingia Studio, fungua video, nenda `Editor`, chagua `Trim & cut`, kata kipande chote cha kipimo na mchanganyiko. Kama chupa inaonekana sehemu nyingine na lebo inasomeka, tumia `Blur` pale pale. Hifadhi. Usindikaji unaweza kuchukua saa kadhaa, na kiungo kinabaki kile kile. Acha ushuhuda wa kijana kwamba wanafanya hivyo na kwa nini wanafanya. Hiyo ni habari. Kipimo ndicho kiondoke.

Kisha kichwa. Mnazungumzia madhara?

---

Kulwa wa Mwaloni

Ndiyo, nusu ya pili ni mzee aliyekuwa kiwandani anaeleza soko la Ulaya lilivyofungwa.

---

Doto_Mhariri

Dhahabu hiyo mmeizika dakika za mwisho.

> Uvuvi wa sumu Ziwa Victoria: Kwa nini Ulaya ilizuia samaki wetu 1999

"Sumu" limebaki palepale, tena mwanzoni, kwa sababu ndilo watu wanalolitafuta na ndilo jina la tatizo lenyewe. Lakini sasa limekaa na "kwa nini", mwaka na matokeo. Maelezo yaanze na madhara kwa walaji na kwa soko, yataje kuwa uvuvi huo ni kosa kisheria, yasitaje jina la kemikali. Kava iwe boti au mwalo, isiwe chupa.

Baada ya usindikaji kuisha ndipo ubonyeze rufaa ya kizuizi cha umri, kwenye safu ya Restrictions. Nayo ni mara moja tu.

---

Binti Nyegezi

Naombeni na mimi kidogo. Nina video za lishe. "Supu ya sangara huongeza nguvu za kiume mara dufu" imepata njano. Niliona wengine wanaandika "heshima ya ndoa", niweke hiyo?

---

SautiYaUkerewe

Dada, "heshima ya ndoa" kila Mtanzania anaielewa, na anayekagua akiwa Mswahili anaielewa pia. Una matatizo mawili hapo. Moja ni mwelekeo wa kitandani, hasa kama kava ni mtu na mke wake wamelala. Hilo linatibika: "afya ya uzazi kwa wanaume", kava bakuli la supu. La pili ni "huongeza mara dufu". Hilo ni dai la tiba, na si la kubadilishia neno. Una ushahidi wa mara dufu? "Supu ya sangara: virutubisho vyake na namna ya kuipika" inatosha na haina ubishi.

---

Binti Nyegezi

Hicho kichwa hakina mvuto lakini. Nani atabonyeza?

---

Mzuka wa Kirumba

Hapa ndipo na mimi nimekwama. Mnasafisha hadi video inakuwa ya darasani. Wenye "MAITI!!" wanapata watazamaji kuliko nyie wenye kijani.

---

Doto_Mhariri

Wanapata mibofyo, sikatai. Wengine wanakubali njano wakipiga hesabu kwamba wingi wa watazamaji utafidia, na kwa habari ya moto ya siku mbili inaweza kufidia. Kwa video ya MV Bukoba inayotafutwa kila mwezi Mei, miaka nenda rudi, sioni hesabu hiyo ikikubali. Ila siwezi kukuthibitishia kwa chaneli yako, linganisha mwenyewe kwenye Analytics: mapato kwa kila watazamaji elfu, video ya njano na ya kijani zenye urefu sawa.

Binti, mvuto upo kwenye swali. "Kichwa cha sangara usikitupe: kilichomo kwenye supu yake". Hakuna dai, hakuna kitanda, na mimi ningebonyeza.

---

Kulwa wa Mwaloni

Mrejesho: MV Bukoba imegeuka kijani leo asubuhi, sijaomba hata marudio. Ya sumu nimekata zile sekunde, bado inasindika. Swali la mwisho: mahojiano yana mzee mmoja anasema neno "maiti" mara nyingi sana kwa mdomo. Nimfunike kwa mlio?

---

Doto_Mhariri

Usimguse mzee. Anasimulia msiba kwa lugha yake, huo ndio muktadha wenyewe. Hakikisha tu sentensi hizo hazikatwi kuwa kionjo cha mwanzo wa video, na zisiandikwe kwa herufi kubwa kwenye skrini.

---

Jiwe_la_Bismarck

Na ule mstari wangu wa "haina picha za miili", uliuweka au hukuuweka?

---

Kulwa wa Mwaloni

Sikuuweka mkuu. Ya sumu nitauweka wa aina hiyo, "haina maelekezo", tuone rufaa itasemaje.